Friji inalia pi pi pi, au imeandika 22E, Er FF, OFF: ipi unamaliza mwenyewe na ipi ni ya fundi

Dada yangu anakaa Mbagala, siku moja usiku ananipigia analalamika friji inalia kila baada ya muda na mlango umefungwa, na kesho yake asubuhi kwenye kioo pale panapokaa namba za joto pametokea herufi ambazo hajawahi kuziona. Akamwita fundi wa mtaani, fundi hajafungua hata skrubu moja, kaangalia zile herufi kasema "hii bodi, andaa laki mbili na nusu." Dada akaniuliza nitoe au nisitoe? Nikamwambia subiri kwanza, nitumie picha ya kioo na uniambie huo mlio uliaje na ulianza lini.

Nitarudi kwa dada huko chini maana friji lake ndo limenifundisha jambo kubwa kuliko yote, lakini kwanza tuweke vitu ubavu kwa ubavu, kwa sababu watu wanachanganya sana mlio na herufi, wanadhani ni kitu kimoja. Ninazozungumzia hapa ni friji za nofrosti, zile ambazo hazigandi barafu ukutani na zina feni ndani. Haya majokofu ya zamani ya kugandisha ukutani mengi hayana hata kioo.

Mlio wa mlango na mlio wa joto

Mlio wa mlango ni rahisi, una saa yake. LG nyingi zinahesabu kama dakika moja mlango ukiwa wazi ndo zinaanza, zinalia mara tatu halafu zinarudia kila nusu dakika. Samsung na Hisense nyingi zinakupa dakika mbili. Ukifunga, zinanyamaza hapohapo. Kwa hiyo ukifunga ikanyamaza, hakuna kilichoharibika, ulikuwa umesahau tu au mtoto kasimama anachagua juisi.

Mlio wa joto ni tofauti, huu unalia mlango ukiwa umefungwa na mara nyingi namba ya joto inawakawaka, au kama ni Bosch unaweza kuona AL. Huu unatokea sana umeme ukikatika muda mrefu kisha ukarudi, friji inakwambia nimepata joto kuliko ulivyoniweka. Unaunyamazisha kwa kitufe cha alamu, lakini ukishaunyamazisha usiishie hapo, angalia chakula. Mlango usipofunguliwa, sehemu ya ubaridi wa kawaida inavumilia kama saa 4, friza iliyojaa inaweza kushika baridi mpaka saa 48 na iliyojaa nusu kama saa 24. Samaki akishalainika kabisa na kupata joto, usimrudishe kwenye friza ukajidanganya kwamba ameponea.

Sasa shida yenyewe ni ya tatu, friji inalia mlio ule wa mlango, vilevile kwa vipindi vilevile, na wewe unaona kwa macho yako mlango umefungwa. Hapa wengi wanasema "imechanganyikiwa" wakachomoa na kuchomeka. Mara nyingi haijachanganyikiwa, ina sababu mbili tu za kuanza nazo. Ya kwanza, mlango kweli haujafunga, umebaki kama upana wa kidole kidogo kwa sababu droo ya friza haijarudi mwisho, au chupa ya maji ya mlangoni inagonga rafu, au mpira wa mlango umejikunja kona moja. Ya pili, mlango umefunga ila swichi haijajua. Swichi nyingine ni kitufe cha kubonyezwa na mlango, nyingine ni sumaku ndogo iliyofichwa kwenye mlango au kwenye bawaba ya juu.

Kuzitofautisha chukua karatasi ya kawaida ya daftari, ibane kwenye mlango halafu ivute taratibu. Ikishika na kukupa ukinzani, pale mpira unafanya kazi. Ikitoka kama imepakwa mafuta, pale pamevuja. Zunguka mlango mzima, usiache kona za chini na upande wa bawaba, maana ndo panapovuja zaidi na ndo hapaonekani. Karatasi ikishika kila mahali na mlio bado upo, basi fungua mlango ubonyeze ile swichi kwa kidole uone kama taa inazima. Isipozima au ikizima ukiibonyeza sana tu, swichi imechoka, na hicho ni kifaa cha bei ndogo, mwambie fundi "swichi ya mlango" usikubali kuambiwa bodi.

Halafu naomba sana, usikubali mtu aibandike swichi kwa selotepu ili kelele ziishe. Nimeona hii mara nyingi. Kelele zinaisha kweli na taa pia haiwaki, lakini kuanzia hapo mlango ukibaki wazi usiku kucha hakuna wa kukuamsha, na feni inaendelea kuvuta hewa ya nje yenye unyevu. Kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar kipindi cha masika ile hewa imejaa maji, inaingia inakutana na mabomba ya baridi kule nyuma inakuwa barafu. Na ile barafu ndiyo itakayokuletea herufi kwenye kioo baada ya siku kadhaa. Yaani mlio ulioupuuza leo ndo herufi za wiki ijayo.

Herufi zenyewe: kwanza soma vizuri kilichoandikwa

Kabla hujatafuta maana hakikisha umesoma sawasawa. Friji nyingi za milango miwili zina vidirisha viwili vya namba, kimoja cha friza kimoja cha friji, na hitilafu inagawanywa humo. Samsung inaweza kuweka 22 upande mmoja na E upande wa pili, mtu anaona 22 anasema "friji langu lina joto la nyuzi 22", kumbe siyo joto. LG inaweka Er upande mmoja na FF upande mwingine. Tena namba zile za vijiti 5 na S zinafanana kabisa, kwa hiyo ukiona SE kwenye Samsung ni ileile 5E. 22E na 22C nazo ni kitu kimoja, tofauti ni toleo la friji tu. Na kwenye LG ukisoma 1F au IF ni ileile, feni ya kitengeneza barafu.

Piga picha, tena ukiweza piga video ya sekunde 20 ili mlio nao usikike. Hii fanya kabla hujagusa plagi, maana ukichomoa herufi nyingi zinafutika na fundi akija anakuta friji safi haina la kusema.

Nimeweka hapa zile zinazotokea sana kwa kampuni mbili ambazo ziko majumbani kwetu kwa wingi:

| Hali | Samsung | LG | Anzia wapi |
|---|---|---|---|
| Feni ya friza haizunguki | 21E au 21C | Er FF | Mlango na barafu |
| Feni ya upande wa friji haizunguki | 22E au 22C | Er rF | Mlango na barafu |
| Mfumo wa kuyeyusha barafu | 5E (sensa yake upande wa friji) | Er dH (hita) | Yeyusha, kisha hesabu siku |
| Iko kwenye modi ya dukani | OF OF | OFF | Vitufe tu, siyo ubovu |

Hisense na friji nyingine nyingi za Kichina zinaandika E na namba, E1, E2, E5 na kuendelea. Nyingi ni sensa au mawasiliano kati ya bodi na kioo, lakini namba ileile inaweza kuwa na maana nyingine kwenye modeli nyingine, kwa hiyo hapo usisome kwa kukisia wala kwa jedwali la jirani, soma kitabu chake au tafuta kwa jina kamili la modeli. Jina la modeli liko kwenye stika ndani ya friji, ukutani pembeni, mara nyingi chini karibu na droo ya mboga.

Hiyo OFF nayo niseme mapema niimalize. Watu wameita mafundi kwa hii. Taa inawaka, kioo kinawaka, vitufe vinalia, ila baridi hakuna kabisa. Ni ile modi ya maonyesho, duka linaiweka ili friji iwake bila kompresa kufanya kazi, na ukinunua iliyokuwa imesimama dukani, au mtoto akichezea vitufe, inaweza kuwa imo. Kwenye LG nyingi unafungua mlango mmoja, unabonyeza kitufe cha joto la friji (Refrigerator) pamoja na cha kugandisha haraka (Express Freeze au Ice Plus) unashikilia kama sekunde 5. Samsung pia ni vitufe viwili kwa pamoja kwa sekunde kadhaa mpaka ilie, ila vitufe gani inategemea modeli, angalia kitabu. Namba za joto zikirudi, subiri masaa usikie baridi. Huna haja ya fundi.

Na ile Samsung inayowaka 88 88 kila mahali baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, hiyo nayo haijasema kitu kimekufa, ni umeme uliruka. Hiyo ndo inayofaa dawa ya kuchomoa kwa dakika kama 10 na kuchomeka tena, moja kwa moja ukutani siyo kwenye ekstensheni. Kama mtaani kwako umeme wa TANESCO au wa KPLC unarukaruka jioni, frijigadi ya kusubiri kama dakika 3 kabla ya kuruhusu umeme inasaidia zaidi ya kuchomoachomoa kila siku.

Kuchomoa dakika 10 au kuzima saa 24?

Hapa ndo pa kuchagua na ndipo watu wanapopoteza hela. Ushauri wa kila mtu ni "zima uwashe." Sawa, lakini kuzima dakika 10 na kuzima saa 24 ni dawa mbili za magonjwa mawili.

Dakika 10 zinafuta kumbukumbu ya bodi. Kama tatizo lilikuwa kwenye kumbukumbu tu, umeme uliruka, kioo na bodi vilipoteana, umepona. Lakini dakika 10 haziyeyushi barafu. Kwa herufi za feni na za kuyeyusha, yale matatu ya kwenye jedwali ukitoa la dukani, ukichomoa dakika 10 herufi zitapotea, utafurahi, baada ya masaa machache zitarudi kwa sababu barafu bado imekamata feni ileile. Na mtu aliyefanya hivi mara nne anaamini kabisa bodi imekufa.

Ili uone kwa nini, elewa kwa ufupi ndani kukoje. Nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza kuna mabomba ya baridi yenye mapezi ya alumini, juu yake kuna feni, na chini yake kuna hita. Friji nyingi zinatengeneza baridi mahali hapo pamoja tu, feni ndo inapuliza mpaka upande wa juu au wa pembeni, ingawa kuna nyingine zina mabomba na feni pande zote mbili. Unyevu unaoingia kila ukifungua mlango unaganda pale kwenye mapezi, na kila baada ya masaa kadhaa hita inawaka kwa muda, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwenye tundu mpaka kwenye beseni lililoko nyuma juu ya kompresa na yanakauka yenyewe. Sensa ndogo iko pale inaambia bodi "imetosha, zima hita."

Sasa barafu ikizidi, inafika kwenye feni. Feni inakwaruza, utasikia krrr krrr, kisha inasimama. Bodi inaona nimetuma umeme feni haizunguki, inaandika feni. Kwa hiyo bodi imesema kweli, feni haizunguki. Haijasema feni imekufa. Hapo ndo tofauti yote ilipo. Dalili yake nyumbani ni friza bado inagandisha lakini maziwa upande wa juu yana joto.

Saa 24 ndo zinayeyusha ile barafu ya ndani ambayo huioni. Toa chakula, peleka kwa jirani au kwenye kontena la barafu, chomoa, acha milango yote wazi, tandika mataulo chini na beseni kama friji lako linamwaga mbele. Ukitaka kuharakisha weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza ubadilishe kila yakipoa. Usitumie kisu wala bisibisi kuvunja barafu, mabomba yale ni alumini laini na friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a ambayo inashika moto, ukitoboa umenunua friji jipya na umejiweka hatarini. Wala usiweke jiko la mkaa karibu, plastiki inapinda. Saa 6 hazitoshi, najua inauma kuwa bila friji siku nzima ila barafu ya chini kabisa ndo ya mwisho kuyeyuka na ndiyo inayoziba tundu la maji.

Ikishayeyuka mimina maji ya vuguvugu kikombe kimoja kwenye lile tundu la nyuma kama linaonekana, halafu nenda nyuma uangalie kama yanafika kwenye beseni. Yasipofika, tundu limeziba kwa uchafu, na hapo umeshapata sababu moja. Kausha, funga, chomeka, na hapa usisahau: andika tarehe na saa ukutani kwa penseli.

Siku ya kurudi ndo inakupa jibu

Hii ndo niliyosema dada kanifundisha. Herufi peke yake haikwambii kifaa gani kimekufa, lakini herufi pamoja na muda inaochukua kurudi baada ya kuyeyusha saa 24 inakaribia kukwambia.

Ikirudi ndani ya masaa, siku hiyohiyo, friji likiwa kavu kabisa halina barafu, basi ni kifaa au waya. Barafu ya kuzuia feni haiwezi kujijenga ndani ya masaa matatu. Kwa herufi ya feni sasa ni mota ya feni yenyewe, au soketi yake, au kweli bodi. Kwa herufi ya sensa, kama Er FS au Er rS za LG au ile 5E ya Samsung, kurudi papo hapo maana yake sensa imekatika au waya wake umeshika kutu. Usiyeyushe tena, ita fundi, na umwambie ilirudi baada ya muda gani.

Ikirudi baada ya siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi, feni ni nzima. Imezunguka siku zote hizo, mota iliyokufa haifanyi hivo. Barafu imejijenga upya pole pole mpaka ikaikamata. Sasa swali linakuwa barafu inatoka wapi, na majibu ni mawili: ama unyevu unaingia kupita kiasi kwa mlango, ama hita haiyeyushi. Kununua feni hapa ni kutupa hela, itafungwa mpya na baada ya wiki mbili itakamatwa vilevile.

Isiporudi kabisa, basi ilikuwa tukio, mlango uliachwa wazi usiku mmoja.

Kwa dada ilirudi siku ya 13. Herufi ya feni ileile. Na kwa bahati jirani yake, mama mmoja wa nyumba ya pili, naye alikuwa na friji ya aina ileile iliyoandika vilevile mwezi huohuo, naye tukamyeyushia saa 24, yake ikarudi siku ya 9. Ukiangalia kwa nje hao wawili wana ugonjwa mmoja. Tukafungua ukuta wa nyuma wa friza zote mbili na fundi mwingine, kijana makini ambaye anatembea na mita.

Kwa dada barafu ilikuwa imejazana upande mmoja, kulia chini, nene kama mkate, na upande wa kushoto mapezi yanaonekana vizuri na ukungu mwembamba tu. Tena kulikuwa na theluji theluji kwenye ukuta wa friza karibu na mlango na kwenye pakiti za juu za samaki. Barafu ya namba hii inaonyesha hewa inaingilia sehemu. Tukapima kwa karatasi, kona ya chini upande wa bawaba karatasi inatoka yenyewe. Mpira ulikuwa umejikunja pale, na kwa sababu dada anajaza samaki wa kuuza, droo ya chini ilikuwa inasukuma mlango wakati wa kufunga. Na ule mlio wa usiku ndo ulikuwa unasema hivo tangu mwanzo! Tukauloweka mpira ule kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukalainika, tukaunyoosha, tukaubana na mlango usiku kucha, tukapunguza samaki droo ya chini, na tukainua miguu ya mbele ya friji kidogo ili mlango urudi wenyewe ukiuachia. Mita haikugusa bodi kabisa. Hadi naandika hii imepita miezi minne na ile tarehe ya penseli bado ipo ukutani peke yake.

Kwa yule mama barafu ilikuwa sawasawa kote, kama blanketi jeupe limefunika mapezi yote juu mpaka chini, hakuna upande uliozidi. Karatasi inashika mlango mzima. Hiyo ni picha ya hita isiyowaka, unyevu wa kawaida tu wa kila siku umekusanyika kwa siku 9 bila kuyeyushwa. Fundi akachomoa soketi ya hita akaweka mita, haipitishi kabisa, imekatika. Kama ingepitisha angefuata fyuzi ya joto na sensa ya kuyeyusha, vyote vipo palepale kwenye mabomba na vyote ni vya bei ya chini kuliko bodi. Ikabadilishwa hita, basi.

Herufi moja, friji mbili, dawa tofauti, na hakuna hata moja iliyokuwa bodi wala feni.

Kuna jambo dogo ukitaka kujaribu feni mwenyewe kabla hujayeyusha. Feni nyingi zinasimama ukifungua mlango, kwa hiyo ukifungua na kusikiliza utasema imekufa kumbe imezimwa na swichi. Fungua mlango wa friza, bonyeza swichi ya mlango uishikilie kwa dakika moja hivi kompresa ikiwa inafanya kazi, weka sikio. Ikivuma laini ni nzima. Ikikwaruza, barafu. Ikiwa kimya kabisa bado huwezi kuhukumu, barafu inaweza kuwa imeikamata, nenda kwenye saa 24.

LG ina Er CF pia, hiyo usichanganye na FF. CF ni feni ya nyuma chini karibu na kompresa, haihusiani na barafu. Vuta friji, chomoa, fungua kifuniko cha nyuma chini, na mara nyingi utakuta vumbi, manyoya, wakati mwingine mfuko wa nailoni umezunguka mapanga. Safisha, acha nafasi ya kupumua nyuma. Saa 24 za kuyeyusha hapa hazikusaidii kitu.

Usisubiri hesabu ya siku kama

Unasikia harufu ya kuungua, mwili wa friji unapiga shoti, au kompresa inafanya "tak" kila baada ya dakika chache bila kushika. Hapo chomoa uache imechomolewa, hata kama kioo hakijaandika chochote.

Kwa mengine yote, ukifika mahali pa kumwita fundi mtumie haya kwenye wasap kabla hajapanda bodaboda: picha ya stika ya modeli, picha au video ya herufi, uliyeyusha lini na saa ngapi, ilirudi baada ya masaa au siku ngapi, karatasi inashika wapi na inatoka wapi, na kama umeona barafu iko upande mmoja au kote. Dada alimtumia hivyo hivyo yule kijana mwenye mita, jibu lake lilikuwa "sawa dada, nakuja na mita na mpira, bodi siibebi."